Tachipedi inaporukaruka: chomoa chaja kabla ya kumwita fundi

Wiki hii tunazungumzia kile kibao kidogo kilicho mbele ya kibodi ya laptopu, ambacho mafundi wetu hukiita tachipedi. Malalamiko juu yake ni ya namna tatu: mshale unaruka kutoka pembe hii kwenda ile bila kuongozwa, au vitu vinajibofya wakati hakuna aliyebofya, au kibao kimekufa kabisa na mshale umegota katikati ya kioo. Hapa Kizota, kama katika mitaa mingine ya Dodoma, laptopu moja hutumiwa na nyumba nzima. Mama huandika humo hesabu za duka, na kijana hujazia humo maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mshale unaojibofya katika fomu ya namna hiyo si kero tu, kwa kuwa unaweza kuchagua jibu ambalo mwombaji hakulichagua na kulituma kabla hajalisoma.

Wengi wetu hudhani kwamba tachipedi inayosumbua imeharibika, hivyo inunuliwe nyingine. Mara nyingi sivyo. Tachipedi yenyewe ni kifaa kigumu kuharibika, na sababu za usumbufu hutoka nje yake: katika umeme unaoingia, katika betri iliyo chini yake, au katika mpangilio wa kompyuta. Ili tujue tuanzie wapi, inafaa kwanza tufahamu kibao hiki kinafanyaje kazi.

Chini ya uso wake laini zimetandazwa njia nyembamba za umeme, nyingine zikienda kwa urefu na nyingine kwa upana, mfano wa nyuzi za mkeka. Kidole kinapokaribia, kwa kuwa mwili wa binadamu unapitisha umeme, hubadilisha kidogo sana chaji ya mahali hapo. Kijisehemu cha elektroniki hupima mabadiliko hayo mara nyingi kwa kila sekunde na kuamua kidole kiko wapi. Kwa hiyo mshale hauongozwi na nguvu ya mkono. Unaongozwa na chaji. Kubofya ni jambo jingine. Katika laptopu nyingi za siku hizi, chini ya kibao chote kuna swichi ndogo, na tunapokikandamiza tunasikia mlio wake wa "tak". Hapo panahitajika nguvu ya kweli.

Basi kibao kimoja kina viungo viwili: kimoja kinahisi chaji na kingine kinasubiri kukandamizwa. Mshale ukiruka, tuutilie shaka umeme. Kibao kikijibofya, tujiulize ni nini kinachokikandamiza.

Kabla ya umeme tumalize jambo jepesi, ambalo ni mkono wenyewe. Maji yanapitisha umeme, na mtu aliyetoka kutia udhu akaketi moja kwa moja kuendelea na kazi huacha matone ambayo kibao kinayahesabu kuwa ni vidole. Mafuta ya kupaka na jasho la kiganja hufanya vivyo hivyo kwa kiasi chao. Ufutwe uso wa kibao kwa kitambaa laini kilicholowanishwa kidogo tu na kukamuliwa, kompyuta ikiwa imezimwa, kisha mikono ikaushwe. Kwa upande mwingine, akina dada wanaovaa glavu za kitambaa wataona kibao hakiitikii kabisa. Hilo si ubovu, kwani kitambaa kimezuia chaji ya kidole isifike. Glavu zenye nyuzi maalumu kwenye ncha za vidole, zile zinazouzwa kwa ajili ya simu, hufanya kazi pia kwenye tachipedi.

Sasa tuje kwenye umeme. Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi wala bisibisi. Chomoa chaja, acha laptopu itumie betri yake, kisha fanya kazi ya kawaida kwa dakika tano. Mshale ukitulia, rudisha chaja. Ukianza tena kuruka, umekwisha kujua kwamba tachipedi ni nzima na kwamba ugonjwa unaingia kwa waya.

Unaingiaje? Umeme wa ukutani kwetu ni wa volti 230, nayo chaja huushusha hadi volti 19 au 20 kwa laptopu nyingi. Kazi hiyo hufanyika kwa kuukatakata umeme kwa kasi kubwa mno, na mabaki ya kukatakata huko huvuja kidogo kuelekea upande wa laptopu. Katika chaja yenye plagi ya miguu mitatu, mabaki hayo hupata njia ya kurudi ardhini kupitia mguu wa tatu, yaani ethi. Njia hiyo isipokuwapo, mwili mzima wa laptopu hubaki na chaji inayotikisika, na kibao ambacho kazi yake ni kupima chaji ndogo ndogo huchanganyikiwa. Alama yake ni kwamba ukipitisha mgongo wa kidole taratibu kwenye sehemu ya chuma ya laptopu wakati chaja imechomekwa, utahisi mtekenyo kama wa kusuguasugua. Kwa chaja halisi mtekenyo huo ni wa umeme mdogo sana. Lakini kama ni mpigo wa kushtua, chaja hiyo isitumike tena hata kwa saa moja, kwani huenda kizuizi kati ya umeme wa ukutani na upande wa mtumiaji kimekwisha kuharibika.

Katika nyumba zetu ethi hupotea kwa njia tatu. Ya kwanza ni waya wa chaja. Wa asili ulikuwa na miguu mitatu, ukakatika, akanunuliwa mbadala wenye miguu miwili kwa kuwa ulikuwa rahisi. Ya pili ni ekstensheni ambayo ndani yake mna nyaya mbili tu, ingawa uso wake una matundu matatu. Ya tatu ni soketi ya ukutani ambayo nyuma yake waya wa ethi haukufungwa, au umechomoka. Na hapa tuseme neno juu ya desturi ambayo haifai kabisa, nayo ni kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu au kijiti ili plagi ya miguu miwili ipate kuingia. Tundu hilo ndilo la ethi. Mguu mrefu wa plagi umewekwa makusudi ufungue vile vizuizi vya plastiki vinavyofunika umeme. Anayevifungua kwa kijiti amejinyima ethi, na amewaachia watoto wake mfano ambao siku moja watauiga kwa msumari.

Wengine husema kwamba hapa Dodoma kosa ni la ardhi yetu, kwa kuwa kiangazi ni kirefu na udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Ni kweli kwamba udongo mkavu hudhoofisha ethi, na kwa ajili ya usalama wa nyumba inafaa fundi umeme aipime kwa kipimo chake maalumu. Lakini kinachovuja kutoka chaja ya laptopu ni kidogo mno, hata ethi dhaifu hukipokea. Kinachoifanya tachipedi iruke kwa kawaida ni ethi isiyokuwapo kabisa. Kwa hiyo tusimwage maji kwenye nondo ya ethi kwa matumaini ya kuutuliza mshale. Tuanze na waya wa chaja, ambao hubadilishwa kwa dakika moja.

Tuchukue mfano wa nyumba moja hapa Kizota. Laptopu yao ni nyembamba, ilinunuliwa ikiwa imetumika, na binti wa nyumba anaitegemea kwa maombi ya chuo. Mshale ulikuwa ukiruka kwa miezi kadhaa, kisha karibu mwezi mmoja kibao kikaanza kujibofya chenyewe. Fundi wa kwanza aliitazama na kusema tachipedi imekufa, inunuliwe nyingine. Binti alikuwa amekwisha kununua mausi ya waya na kuendelea na kazi zake.

Tulipochomoa chaja, mshale ulitulia palepale. Lakini kujibofya hakukukoma, na kulizidi kadiri laptopu ilivyopata joto, hasa baada ya nusu saa. Hapo palikuwa na dalili mbili zisizofuatana, na hilo ndilo lililotufanya tusikubali jibu la haraka. Hata hivyo, kabla ya kusema kwamba kuna kitu kinachokandamiza, ilibidi tuondoe uwezekano mmoja. Laptopu nyingi huhesabu mguso mwepesi wa kidole kuwa ni kubofya, hata kama swichi ya chini haikukandamizwa. Kwa hiyo chaji ya uongo nayo inaweza kuonekana kama mbofyo. Njia ya kutenganisha ni kuzima kubofya kwa mguso. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, na katika kisanduku kinachofunguka andika maneno haya, kisha bonyeza Enter:

```
ms-settings:devices-touchpad
```

Utafika moja kwa moja kwenye ukurasa wa tachipedi bila kuhitaji mshale. Ukiwa hapo, tafuta sehemu iliyoandikwa Taps na uondoe alama kwenye Tap with a single finger to single-click. Kujibofya kukikoma, ilikuwa miguso ya uongo, nawe rudi kwenye chaja, unyevu na mikono. Kukiendelea, swichi inakandamizwa kweli. Katika laptopu ya binti yule kuliendelea.

Tuliifunga, tukaiweka juu ya meza iliyonyooka. Ilicheza kama kiti chenye mguu mfupi. Tukaifungua, tukalaza rula ya chuma juu ya tachipedi kutoka kushoto kwenda kulia, na tukatazama kwa chini tukielekeza macho dirishani. Rula ilikuwa imekaa juu ya kilima. Mwanga ulipita pande zote mbili, na katikati haukupita. Kibao kilikuwa kimeinuliwa kutoka chini, na katika laptopu nyembamba kilichoko chini yake, mara nyingi, ni betri.

Betri za laptopu hizi ni za lithiamu, zilizofungwa katika mifuko laini mfano wa pakiti za juisi. Zinapozeeka, au zinapokaa mno katika joto huku zimejaa chaji muda wote, kemikali za ndani huvunjika na kutoa gesi. Mfuko hauna pa kuitolea, hivyo huvimba. Laptopu inayolazwa juu ya godoro au kochi, mahali ambapo hewa ya chini huzibwa, na ambayo chaja yake haichomolewi usiku wala mchana, iko katika njia hiyo. Betri iliyovimba huisukuma tachipedi kwa chini. Mwanzoni kibao huwa kigumu kubofya, halafu hujibofya, na mwishowe huchomoza juu ya usawa wa sehemu ya viganja. Laptopu za zamani ambazo betri yake hukaa nyuma na kuchomolewa kwa kufyatua kilatchi hazina ugonjwa huu wa tachipedi, ingawa betri zake nazo huzeeka.

Kwa sababu hiyo hatukupendezwa na ile mausi. Si kwamba mausi ni mbaya. Ni kwamba ilinyamazisha dalili pekee iliyokuwa ikiwaonya wenye nyumba. Na kama fundi angalibadilisha tachipedi, mpya nayo ingaliinuliwa na betri ileile, na fedha zingalikuwa zimekwenda.

Ukiikuta laptopu ya nyumbani kwako katika hali hiyo, izime kabisa na uchomoe chaja. Usiichaji tena, usijaribu kukibonyeza kibao kirudi mahali pake, wala usiitoboe betri ili "hewa itoke". Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka papo hapo, na moshi wake ni sumu. Ihifadhi mbali na vitanda na mapazia mpaka ifike kwa fundi, na usimwachie mtoto kazi ya kuipeleka. Fundi anayeijua kazi ataiondoa polepole bila kuichokoa kwa bisibisi ya chuma. Mpya ilingane na ya zamani kwa namba ya modeli iliyoandikwa kwenye lebo ya betri yenyewe, maana laptopu za jina moja zinaweza kuwa na betri tofauti. Ile iliyotolewa isiingie katika shimo la taka linalochomwa moto uani. Iwekwe katika kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje, kivulini, mpaka ikabidhiwe kwa wanaokusanya vyombo chakavu vya umeme. Na iwapo laptopu itaanza kutoa moshi, kila mtu atoke kwanza, ndipo mpige 114, namba ya Zimamoto.

Yule binti alikuwa na maombi yasiyoweza kusubiri. Fundi wa pili aliitoa betri na kuijaribu laptopu kwa chaja peke yake, nayo ikawaka. Si laptopu zote zinazokubali hivyo, na inayokubali huzimika umeme unapokatika, kwa hiyo alikuwa akihifadhi kazi yake kila baada ya dakika chache hadi betri mpya ilipopatikana. Waya wa chaja wenye miguu miwili ulibadilishwa na wenye mitatu, ukachomekwa kwenye soketi yenye ethi, na mshale ukaacha kuruka. Yalikuwa maradhi mawili, na hakuna hata moja lililokuwa la tachipedi.

Imebaki ile inayonyamaza kabisa. Hapa mara nyingi imezimwa tu, na aliyeizima hana habari. Tazama safu ya juu ya kibodi, kwenye vitufe vya F1 hadi F12, utafute kimoja chenye picha ya kibao kidogo, pengine kikiwa kimepigwa mstari. Kibonyeze, au kibonyeze pamoja na Fn. Watoto hukigusa wakitafuta kitufe cha kuongeza sauti. Katika baadhi ya laptopu za HP za miaka iliyopita kuna alama au taa ndogo kwenye pembe ya juu kushoto ya tachipedi, na kuigusa pembe hiyo mara mbili haraka huzima na kuwasha kibao. Kisha fungua ule ukurasa wa mipangilio tulioutaja na uhakikishe kwamba tachipedi imewashwa. Humo humo mna Leave touchpad on when a mouse is connected. Alama yake ikiwa imeondolewa, tachipedi itanyamaza kila mausi inapochomekwa, na hata kijidude cha mausi isiyo na waya kilichosahauliwa pembeni kinatosha kuinyamazisha.

Ikiwa yote hayo yako sawa, iwashe upya. Tunasema iwashe upya, si kuizima, kwa sababu Windows inapozimwa kwa njia ya kawaida mara nyingi huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwahi kuwaka, na kosa likahifadhiwa pamoja nayo. Bonyeza Windows na D ili madirisha yote yashuke, kisha Alt na F4, chagua Restart kwa vitufe vya mishale, halafu Enter. Isiposaidia, izime, chomoa chaja na kila kilichochomekwa, na ushikilie kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika kabla ya kuiwasha tena. Hatua hii huondoa chaji iliyosalia ndani, na hewa yetu kavu ya miezi ya kipupwe, inayoyafanya mablanketi yatoe cheche, ni sababu mojawapo ya chaji kujikusanya.

Baada ya hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza: mkanda mwembamba unaounganisha tachipedi na ubao mkuu unaweza kuwa umelegea, hasa kama laptopu iliwahi kuanguka au kufunguliwa, au kibao kimekufa kweli. Ukimpelekea, mweleze ulichokwisha kukipima: ikiwa inaruka pia bila chaja, ikiwa inajibofya hata mguso ukiwa umezimwa, na ikiwa rula inakaa sawa juu ya kibao. Kisha mwombe aifungue mbele yako, uitazame betri kwa macho yako mwenyewe kabla hamjapatana bei ya tachipedi.